Bei ya keki: niiandike kwenye posti au niseme "njoo inboksi"?

*Habari wadau. Naoka keki nyumbani, niko Morogoro, nauza kupitia Instagram na stetasi ya WhatsApp. Nikiandika bei watu wanakimbia. Nikiandika "bei inboksi" wanakuja kuuliza halafu wanapotea. Nikishusha bei naona kama nafanya kazi ya bure. Nyie mnaandikaje bei zenu? Naulizwa zaidi keki za kilo 2 za siku ya kuzaliwa. Mwenye uzoefu naomba anisaidie.*

Mdogo wangu, mimi niko Tabata, Dar es Salaam, naoka tangu 2017. Njia zote tatu ulizozitaja nimeshazipita na zote zimenila, kwa hiyo nitakueleza nilivyopita na ninavyofanya sasa. Nitajibu kwa keki tu. Wauza nguo na wauza samani wana yao.

Nilianza kama wengi wetu: picha nzuri, maua ya emoji kumi, chini yake "bei inboksi". Nilikuwa naamini mteja akishakuja inboksi nitambembeleza mpaka akubali. Mwezi mmoja nikaamua kuhesabu kwenye daftari. Walikuja watu 40, wakaoda 3. Wale 37 wengine kila mmoja nilimsalimia, nikamuuliza kilo ngapi, ladha gani, lini, nikamtumia picha, nikataja bei, kimya. Kuna siku nilichomesha keki ya mteja aliyekwisha lipa kwa sababu nilikuwa nimeshika simu namjibu mtu wa "mambo dada, hii shingapi?" Na wenye pesa zao, ambao ndio niliokuwa nawataka, wengi hawaji kabisa inboksi. Mtu anayetaka keki ya mtoto wake Jumamosi anapitisha picha ofisini wakati wa chai, hana muda wa kuomba bei kama anaomba kazi. Akiona bei imefichwa anadhani moja kati ya mawili: ama ni ghali sana, ama unataka kwanza umpime uwezo ndipo umtajie. Sisi wenyewe tunajua wapo wanaofanya hivyo, wanafungua ukurasa wa mteja waone anaishije.

Nikahamia kwenye "keki kuanzia 20,000". Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Ile 20,000 ilikuwa ya kilo 1 isiyo na pambo lolote, keki ambayo hata picha yake sijawahi kuiweka. Picha niliyoiweka juu ya maneno hayo ilikuwa ya keki ya ghorofa mbili yenye sanamu ya binti mfalme. Mteja anakuja na picha ileile, anasema "dada nataka hii ya 20,000". Ukimwambia hiyo ni 120,000 anakuona tapeli, na ana haki. Siku hizi neno "kuanzia" silitumii isipokuwa bei hiyo ya chini ni ya kitu kinachoonekana kwenye picha ileile.

Kabla hujaandika bei yoyote, kuna jambo moja linawaponza waokaji wengi wa nyumbani, nalo ni kilo. Sisi huku tumezoea kuuza keki kwa kilo, na mteja naye anauliza "kilo shingapi?" Ni kipimo kizuri kwa mteja maana anakielewa. Kwako wewe ni mtego, kwa sababu kilo inapima unga na krimu, haipimi mikono yako. Keki ya kilo 1 na ya kilo 2 zote unazipimia viungo, unawasha oveni, unasubiri zipoe, unazipaka krimu, unaosha vyombo vilevile. Muda hauongezeki mara mbili. Na keki mbili za kilo 2, moja ya krimu ya kawaida na nyingine ya fondanti yenye sanamu, uzito ni mmoja ila ya pili inakula siku nzima.

Nikupe hesabu yangu ya keki uliyouliza, kilo 2 ya vanila yenye krimu. Bei ni za huku mtaani kwangu nilipopiga hesabu mara ya mwisho, wewe weka za Morogoro. Keki yenyewe inatumia unga, sukari na majarini gramu 375 kila kimoja, na mayai 8 ya wastani. Ikiiva na kupoa inabaki kama kilo 1.3 hivi. Zile gramu 700 zinazobaki ni krimu: sehemu moja ya siagi, mbili za aisingi shuga. Viungo vyote pamoja na vanila, hamira ya keki, maziwa kidogo na rangi vilinifikia 18,500. Bodi, boksi, topa ya jina na mishumaa 7,500. Moto 2,000. Jumla 28,000.

Zamani nilikuwa nauza kilo 20,000, kwa hiyo keki hii ilitoka kwa 40,000. Nikajiona nimepata 12,000 na nikafurahi. Siku nilipoweka saa ukutani nikaona keki ile inanichukua saa 5, ukihesabu kuoka, kupaka, kupamba, kuosha na kuchati na mteja. Ina maana nilikuwa nalipwa 2,400 kwa saa, na hapo bado sijaweka mashine ya kuchanganyia inayochakaa, wala keki moja kati ya kadhaa inayodidimia katikati nikaila na watoto. Ya fondanti ilikuwa aibu zaidi. Niliiuza 45,000, yaani bei ya kilo 2 pamoja na "elfu 5 ya mapambo". Vitu vyake vilikuwa 36,000 na kazi saa 9. Nililipwa 1,000 kwa saa, usiku, nikiwa nimesimama.

Sasa napanga hivi: vitu, kisha saa zangu kwa 4,000 kila saa, kisha sehemu ya kumi juu ya jumla hiyo kwa ajili ya vifaa na hasara, kisha faida ya biashara. Kwa kilo 2 ile ni 28,000 na 20,000 za mikono, inakuwa 48,000. Ongeza kama 5,000 ya vifaa na hasara, 53,000. Faida 7,000, inafika 60,000. Nikifanya hesabu hiyohiyo kwa kilo 1 napata 38,000, na kwa kilo 3 napata 80,000. Umeona kilichotokea? Mteja akigawanya mwenyewe anaona kilo inashuka kadiri keki inavyokuwa kubwa. Hakuna punguzo nililotoa pale, ni hesabu ya kweli, lakini inamvuta kwenye keki kubwa kuliko maneno yoyote ya kubembeleza. Wengi waliokuwa wanaanza na "kilo 1 tu" siku hizi wanaishia kilo 2.

Kwa hiyo kwenye posti siandiki bei ya kilo. Naandika bei ya keki ya kwenye picha, nzima, ilivyo. Mfano wa maandishi yangu:

> Keki hii ni kilo 2, vanila na krimu ya siagi, Sh 60,000. Inatosha watu 20 hadi 25. Bei ni pamoja na jina, mishumaa na boksi. Muundo huuhuu kwa kilo 1 ni 38,000, kilo 3 ni 80,000. Oda siku 3 kabla, nusu inatangulia. Boda unamlipa mwenyewe kulingana na umbali. Bei ya Machi 2025.

Nikueleze kwa nini kila kipande kipo hapo.

Bei iko kwenye sentensi ya kwanza kwa sababu Instagram inakata maandishi baada ya mistari michache, mtu mpaka abonyeze ndipo asome yaliyobaki. Ukianza na salamu na mioyo, bei inazama, na komenti zako zote zinakuwa "bei?" "bei?" "bei plz". Lakini angalia, bei haiko peke yake. Imekaa nyuma ya uzito na aina. Ukianza na "60,000" tupu, mtu anailinganisha na keki ya dukani aliyoiona kwenye jokofu la kioo, ambayo hajui ina uzito gani. Akisoma kwanza kilo 2 na krimu ya siagi, tayari ana kitu cha kulinganisha nacho.

Idadi ya watu ndiyo imenisaidia kuliko yote, na sikuibuni mimi, niliambiwa na mteja. Mama mmoja aliniandikia "60 ni nyingi kwa keki". Nikamjibu tu kwamba inakatwa vipande 24 vya kushiba. Akakaa kimya dakika kumi, akarudi: "kumbe kipande ni elfu mbili na mia tano, chakula cha mama ntilie ni zaidi." Akalipa. Tangu hapo naandika watu wangapi, hesabu wanaipiga wenyewe. Usidanganye lakini. Kipande cha gramu 80 hadi 100 ni cha heshima, ndiyo maana nasema kilo 2 kwa watu 20 hadi 25. Nimeona wanaoandika "kilo 2 watu 40". Hapo unakata vipande vya komunyo, na siku ya sherehe atakayeaibika ni mwenye mtoto.

"Pamoja na jina, mishumaa na boksi" inazuia ile tabia ya mteja kuongezewa elfu mbili hapa, elfu tatu pale, mpaka anafika mwisho ana hasira. Mimi kila kinachokwenda na kila keki nimekiingiza ndani ya bei. Kisichokwenda na kila keki, kama usafiri, nakitaja kwamba kiko nje. Usafiri usiuingize kabisa. Niliwahi kuandika "usafiri bure" nikapata oda ya Mbezi na nyingine ya Mbagala siku moja, faida yote ikaenda na boda.

Na ule mwezi mwishoni, wengi wanaudharau. Picha ikishatoka haifi. Stetasi inaondoka baada ya saa 24 lakini skrinishoti haiondoki. Nimewahi kuletewa bei yangu ya 2019 mwaka 2023, na dada wa watu kashaahidi ukoo mzima kwamba keki ni 35,000. Tukavutana, mwisho nikamwokea kwa hasara maana alikuwa jirani. Kwa sababu hiyohiyo bei siichori juu ya picha. Instagram inakuruhusu kurekebisha maandishi ya posti ya zamani, picha huwezi kuibadilisha. Ukichora bei kwenye picha umeipiga muhuri. Kila bei inapobadilika nakaa jioni moja narekebisha posti 9 za juu, hizo ndizo watu wanazoangalia, pamoja na katalogi ya WhatsApp Biashara.

Kuhusu picha gani iwekewe bei. Weka bei kwenye keki ambayo ukiamshwa usiku unaweza kuirudia ilivyo. Mimi ninazo nne tu zenye bei kamili. Keki za harusi na zile za sanamu siziwekei bei kamili kwa sababu kila moja ni kazi yake. Lakini hata hizo siandiki "inboksi" tupu. Naandika mpaka wa chini wa kweli, kwa mfano: "Hii ilikuwa ghorofa 3, maua ya kutengeneza kwa mkono, siku 2 za kazi, mteja alilipa 350,000. Za aina hii hazishuki chini ya 250,000." Mwenye 80,000 anajua si yake, anapita kwa amani. Mwenye 300,000 anajua anaweza kuja kuongea. Inboksi zangu zimepungua sana tangu nianze hivi. Mwezi wa kwanza walikuja watu 11 tu, nikaogopa kweli, nikataka kurudi nilikotoka. Wakaoda 6. Linganisha na wale 40 na 3.

Kwa hiyo unaposema "nikiandika bei watu wanakimbia", kwanza jiulize wanaokimbia ni nani. Kupungua kwa maswali si dalili mbaya yenyewe. Dalili mbaya ni oda kupungua. Ukiona maswali yamepungua na oda zimebaki palepale au zimepanda, bei inafanya kazi ya mlangoni. Ukiona vyote viwili vimekufa kwa mwezi mzima, na si mwezi wa mfungo wala Januari ya ada za shule, hapo ama bei haiendani na watu unaowafikia, ama picha haionyeshi kazi iliyomo. Mimi naanza kushuku picha. Keki ya 60,000 iliyopigwa juu ya meza ya plastiki, na sufuria nyuma yake, inaonekana ya 30,000.

Sasa wale wa "dada punguza kidogo". Hao hawaishi, na wengine si wabaya, ni mazoea yetu tu ya sokoni. Kanuni niliyojiwekea: nikishusha bei, kuna kitu kinatoka kwenye keki. Kuna baba alikuja na 45,000 akitaka ile ya 60,000. Zamani ningesema "haya lete 50". Nilimjibu: "Kaka, kwa 45,000 nakufanyia kilo 1 na nusu, krimu ileile, jina lipo, mapambo ya juu tu bila ya pembeni. Inatosha watu 15." Akauliza swali moja, kama mtoto atagundua. Nikamwambia mtoto anaangalia jina lake na mishumaa. Akachukua. Hapo sikupoteza, maana vitu vilipungua na karibu saa nzima ya kupamba pembeni ilitoka. Ukishusha 10,000 bila kutoa kitu, umemwambia kwamba ile 10,000 ilikuwa ya uongo tangu mwanzo, na atawaambia na wenzake. Wateja wetu wanajuana, mdogo wangu. Keki inaliwa na watu 25 na kila mmoja anauliza umenunua wapi, kwa shilingi ngapi.

Ndugu na marafiki nao usiwawekee bei ya siri. Mimi nina bei moja, halafu ndugu wa karibu nampa topa au keki ndogo za kikombe sita za bure juu yake. Bei inabaki ileile akiulizwa.

Kupandisha bei: sema mapema, wala usitafute kisingizio. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na kilo kuvuka 4,000 mitaani, niliandika kwenye stetasi "kutokana na sukari kupanda, keki zote zimeongezeka 10,000". Mteja wangu mmoja mhasibu akanijibu kwa upole: "Keki ya kilo 2 ina kilo 2 za sukari kweli?" Haina. Ukijumlisha na aisingi haifiki hata kilo moja, kwa hiyo sukari ilikuwa imeniongezea kama 2,000 tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa najilipa kidogo tangu zamani na sukari nikaifanya fimbo. Siku hizi naandika tu: "Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao kilo 2 itakuwa 60,000. Oda zilizolipiwa kabla ya hapo zinabaki kwa bei ya zamani." Wiki ile ya mwisho huwa napata oda nyingi kuliko kawaida.

Jambo la mwisho kwako hasa, kwa sababu nimefungua ukurasa wako nikaangalia ile keki ya waridi uliyoandika kilo 2. Nunua mzani wa kidijitali kama huna, na ukiisha kuipamba ipime, utoe uzito wa bodi. Mimi nilipoanza kupima niligundua "kilo 2" zangu zilikuwa zinatoka kilo 2 na gramu 400, kwa sababu nilikuwa najaza bati kwa macho na krimu napaka kwa huruma. Yako kwa urefu ule naona haipungui kilo 2 na nusu. Kama ni hivyo, hiyo 45,000 uliyoandika inayowakimbiza watu ni bei ya keki ndogo kuliko unayowapa. Ipime Jumamosi hii halafu rudi hapa uniambie.